Aya ya Kwanza Inayonukuliwa Bila Kupotoshwa

Siku hizi msomaji huandika swali kwenye simu akapewa jibu la sentensi mbili tatu, lililotungwa na mtambo kutokana na makala ambayo yeye hataifungua. Kwa kawaida mtambo huo hauichukui makala nzima. Huikata vipande, ukachagua vinavyoelekea kujibu swali, kisha ukatunga jibu kwa vipande hivyo. Aya ya kwanza, inayobeba kiini cha habari, ina nafasi kubwa ya kuchaguliwa. Ndiyo maana mwandishi anapaswa kuiandika akijua kwamba sentensi yake yoyote inaweza kusomwa peke yake, bila ile iliyoitangulia.

Chukua makala kuhusu uhuru wa Tanganyika na Zanzibar, inayoanza hivi:

"Tarehe 9 Desemba ni siku isiyosahaulika. Siku hiyo, mwaka 1961, nchi yetu ilipata uhuru, na miaka miwili baadaye visiwani nako bendera ya mkoloni ikashushwa. Mwezi mmoja tu ukapita, serikali ikapinduliwa, na ndipo ikaungana na ndugu zake."

Msomaji wa Dodoma au Unguja ataelewa, kwa kuwa historia hiyo anaijua. Lakini zikate sentensi hizo. "Nchi yetu" ni ipi? Mtambo ukiona makala ni ya Mtanzania, utaandika kwamba Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961, ilhali mwaka huo Tanzania haikuwapo. "Mwezi mmoja tu ukapita" tangu lini? Na iliyopinduliwa ni serikali ya wapi? Hapa sarufi yetu haitusaidii: Tanganyika, Zanzibar, nchi na serikali zote huchukua kiambishi kilekile, kwa hiyo "ikaungana" inaweza kuwa yoyote kati yake. Jina lisipotajwa, mtambo utabahatisha.

Sasa aya hiyohiyo iandikwe upya:

"Tanganyika ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na serikali ya Sultani wa Zanzibar ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964. Kwa hiyo uhuru unaoadhimishwa kila tarehe 9 Desemba ni wa Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania Bara."

Jina la nchi limerudiwa kila lilipohitajika, na kila tukio lina tarehe au mwezi na mwaka wake badala ya "baadaye". Marudio hayo yanaweza kumkera mhariri aliyefundishwa kuyafuta, lakini katika aya hii yaachwe. Ufundi wa lugha una nafasi yake kuanzia aya ya pili.

Kosa jingine, lenye hatari zaidi, ni kutenganisha dai na kanusho lake. Mwandishi anayetaka kusahihisha uvumi huanza: "Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961. Ndivyo wengi wanavyoamini, lakini sivyo." Sentensi ya kwanza ikinukuliwa peke yake, makala iliyokusudia kusahihisha kosa inakuwa shahidi wa kosa hilo. Anza na ukweli wenyewe, na kanusho likae ndani ya sentensi ileile: "Iliyopata uhuru mwaka 1961 ni Tanganyika, si Tanzania." Masharti nayo ni hivyohivyo. Kama jambo linahusu Bara tu na si Zanzibar, mpaka huo uwekwe kwenye sentensi ya dai lenyewe, usisubiri aya ya tano.

Kuna njia rahisi ya kuipima aya kabla haijachapishwa. Andika kila sentensi yake kwenye karatasi yake, uzichanganye, kisha umpe mwenzako ambaye hajaisoma makala. Kwa kila karatasi akuambie ni nani au nchi gani inayozungumzwa, nini kilitokea na lini. Penye kusita, rekebisha hapo. Halafu linganisha aya na mwili wa makala, tarehe kwa tarehe. Ikiwa aya inasema 10 Desemba na ndani imeandikwa 12 Desemba, huwezi kujua mtambo utachukua ipi.

Hata aya safi haina dhamana. Mtambo unaweza kuichanganya na makala ya mtu mwingine, kutumia nakala ya zamani uliyokwisha kuirekebisha, au kuiacha kabisa. Mwandishi hana mamlaka juu ya hayo. Mamlaka yake yako kwenye sentensi zake, na sentensi isiyotaja nani, wapi na lini haijawa tayari kuchapishwa.