Maji Yatarudi Saa Ngapi? Hesabu ya Tangazo la Mwenye Nyumba

Mwenye nyumba mwenye wapangaji wachache akiwaandikia barua pepe kuhusu kukatwa kwa maji, kwa kawaida hutaja saa ambayo fundi ataanza kazi na saa anayotarajia kumaliza. Hapo ndipo tangazo linapoharibikia. Mpangaji hana haja na ratiba ya fundi. Anataka kujua ni lini maji ya bombani kwake yatafaa tena kupikia na kuogea, na saa hiyo inaweza kuachana na saa ya fundi kumaliza kwa zaidi ya siku nzima. Hoja yangu ni kwamba tangazo la kazi za maji lipangwe kwa kuhesabu nyuma, kuanzia saa maji yatakapofaa kutumika, na kwamba kila kitu kingine katika barua hiyo kiitumikie saa hiyo.

Tuchukue nyumba ya ghorofa jijini Dar es Salaam yenye familia sita, tangi la juu la lita 5,000 na pampu inayopandisha lita 40 kwa dakika. Kazi ni kuosha tangi na kuua vijidudu. Maji yanafungwa Jumamosi saa 2 asubuhi, tangi linamwagwa, tope linatolewa, kuta zinasuguliwa, na saa 5 kazi inaonekana kwisha. Kumbe ndiyo imeanza. Tangi linajazwa maji yenye miligramu 50 za klorini kwa kila lita, yaani gramu 250 za klorini kwa tangi zima. Kwa unga wenye nguvu ya asilimia 65 ni kama gramu 385. Kujaza kunachukua saa mbili na dakika chache, kisha maji hayo hukaa saa 24. Jumapili saa 7 mchana yanamwagwa kwa muda wa saa moja hivi, na pampu inahitaji saa mbili nyingine kujaza maji safi. Tunafika saa 10 jioni iwapo umeme haukukatika. Tangazo la kweli litasema saa 12 jioni ya Jumapili, na litaeleza kwamba maji yoyote yatakayotoka kabla ya hapo yana dawa kali, hayafai kunywa wala kuoga.

Saa hiyo ikishajulikana, maagizo mengine hujitokeza yenyewe. Familia ya watu wanne, kwa lita 20 kwa mtu kila siku, inahitaji lita 160 kwa siku hizo mbili, yaani ndoo nane kubwa za lita 20. Mtu hapati vyombo hivyo usiku mmoja, kwa hiyo barua ya kwanza itangulie wiki nzima, na ya pili ije siku moja kabla. Barua itaje pia koki. Mtu hufungua bomba, hakuti maji, akatoka akiliacha wazi. Bomba linalotoa lita 10 kwa dakika humwaga lita 4,800 kwa saa nane, karibu tangi zima, na sinki likiwa limeziba, maji humshukia jirani wa chini. Hita ya kuogea nayo izimwe kwenye swichi yake, kwa sababu waya wake wa kupashia moto unaweza kuungua ukiwaka bila maji.

Wapo watakaosema kutangaza saa 34 kutaleta manung'uniko. Ni kweli, lakini manung'uniko ya wiki moja kabla yanaweza kubadilisha siku ya kazi iwapo mtu ana mgonjwa au msiba. Ya Jumamosi usiku hayabadilishi kitu. Wengine watasema kundi la WhatsApp linatosha. Kundi ni zuri kwa taarifa ya ghafla, kwamba pampu imekwama, ila tangazo huzama upesi chini ya salamu na picha. Barua pepe yenye kichwa kinachotaja siku na saa hutafutwa ikapatikana. Asiyetumia barua pepe abandikiwe nakala kwenye ngazi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba barua ikishaandikwa, ni vyema ibebe pia mawaidha ya takataka, kelele na kodi. Ikumbushe machache, chini kabisa, na yale tu yanayowahusu wote. Deni la mpangaji mmoja liandikiwe kwake peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata anwani za wapokeaji ziwekwe kwenye Bcc ili zisionekane kwa kila mtu. Aibu ya mmoja ikichanganywa na saa ya maji, wapangaji watazungumzia deni na kusahau ndoo. Kisha itumwe barua ya tatu, fupi, kazi ikiisha: maji sasa ni safi, acheni bomba litiririke mpaka harufu ya klorini ipungue. Bila barua hiyo, kila mpangaji atakisia mwenyewe, na atakayekosea ndiye atakayekunywa dawa.