Kuinyoosha Duaradufu Iliyoinama

Ukichora mlinganyo 5x² + 4xy + 2y² = 6 unapata duaradufu iliyoinama. Kinachoiinamisha ni ile 4xy. Tukipata mihimili inayoifaa, neno hilo litatoweka.

Namba za mlinganyo huu tunazipanga katika matriksi A: safu ya juu 5 na 2, ya chini 2 na 2. Ile 4 imegawanywa nusu kwa nusu, ndiyo maana A ni linganifu: ikunje kwenye ulalo wake, namba zinalaliana sawasawa.

Tunatafuta vekta ambazo A haizitoi kwenye mstari wao, bali huzizidisha tu kwa namba fulani λ. Hizo ni vekta aigeni, na λ ni thamani aigeni. Hapa λ² − 7λ + 6 = 0, hivyo λ ni 6 au 1. Kwa 6 tunapata u = (2, 1), kwa 1 tunapata v = (1, −2). Hakikisha mwenyewe: A ikizidisha (2, 1) inatoa (12, 6).

Sasa zidisha vipengele vya u na v kimoja kimoja, kisha ujumlishe: 2 − 2 = 0. Maana yake zinakutana kwa pembe mraba, na si kwa bahati. Matriksi linganifu ina sifa moja inayobeba kila kitu: Au·v = u·Av. Upande wa kushoto ni 6(u·v), wa kulia ni 1(u·v). Namba moja haiwezi kuwa sawa na mara sita yake isipokuwa ni sifuri.

Sifa hiyohiyo inazuia namba changamano. Tuseme λ ni changamano na vekta yake ni w. Weka w pamoja na kiambatani chake, yaani w iliyobadilishwa alama za sehemu zake za kufikirika. Upande mmoja unatoa λ, wa pili kiambatani cha λ, vyote vikizidisha jumla ileile, ambayo ni chanya daima. Basi λ ni sawa na kiambatani chake, kwa hiyo ni namba halisi. Cauchy alithibitisha jambo hili mwaka 1829.

Kilichobaki ni kazi ya mikono. Gawanya u na v kwa urefu wao, √5, kisha uzipange ziwe safu wima za matriksi Q. Ukikokotoa QᵀAQ, 6 na 1 zinabaki kwenye ulalo, kwingine sifuri. Duaradufu inakuwa 6s² + t² = 6: nusu ya mhimili mfupi ni 1, ya mrefu √6.

Wengi husahau kugawanya. Dalili yake ni kuona 30 na 5 kwenye ulalo badala ya 6 na 1. Na thamani aigeni ikijirudia, hoja ya pembe mraba haifanyi kazi kati ya vekta zake; pembe hiyo ipo, ila itabidi uitengeneze: chukua vekta ya pili, uitoe sehemu inayoelekea upande wa ile ya kwanza.