Tarakimu Nne Ndani ya Mkoba

Mkaguzi wa mikoba aliye mbali hawezi kupapasa ngozi wala kuinusa. Anategemea picha alizotumiwa, na picha mbaya yaweza kuutia mkoba halisi mashakani.

Mfano ni Speedy 30 ya Louis Vuitton. Ndani yake, karibu na mfuko mdogo, mna kipande cha ngozi kilichogongwa herufi mbili na tarakimu nne. Kwa mikoba ya mwaka 1990 hadi 2006, tarakimu ya kwanza na ya tatu hutaja mwezi, ya pili na ya nne hutaja mwaka. Kuanzia 2007, mahali pa mwezi pakachukuliwa na wiki. Kwa hiyo 1025 ni Desemba 2005. Lakini kivuli kikimeza upande mmoja wa ile sifuri, unabaki mstari uliosimama, na mkaguzi anasoma 1125: wiki ya 12 ya mwaka 2015. Hapo risiti ya 2006, hata iwe ya kweli kabisa, inaonekana ya kughushi.

Kosa linaloharibu picha hizi mara nyingi ni kusogeza simu karibu mno. Lenzi kuu ya simu nyingi hushindwa kulenga kitu kilicho karibu sana. Ni afadhali kurudi nyuma kama sentimita 20, kukuza picha mara mbili, kisha kugusa maandishi kwenye kioo ili kamera iyalenge hayo na si bitana iliyo nyuma yake. Flashi izimwe, kwa sababu hulijaza mwanga shimo la kila herufi na maandishi yasiyo na wino hupotea. Mwanga wa dirishani unaoingia kwa ubavu huyainua. Ngozi ikigeuzwa kidogo na kupigwa tena, kivuli huhama, na sifuri iliyofichika hujitokeza.

Mishono hutaka jambo jingine: simu ikae sambamba na ngozi. Ikiinama, nafasi kati ya mishono huonekana kupungua upande mmoja, ilhali mkaguzi anatafuta hasa usawa huo. Vipande vya ngozi vinavyoshika mikono ya Speedy viko vinne, na juu ya kila kimoja kwa kawaida hupita mishono mitano. Vyote vinne vipigwe, rula ikiwa kando.

Zipu na kufuli hung'aa, kwa hiyo karatasi nyeupe ishikwe mkabala nazo ili chuma kiakisi weupe badala ya uso wa mpiga picha. Namba ya kufuli ionekane pamoja na ya funguo, maana hutakiwa kulingana.

Picha zitumwe WhatsApp kama faili, la sivyo hubanwa na uzi hugeuka ukungu.

Namba sahihi peke yake haithibitishi kitu, kwani waghushi huinakili. Na tangu Machi 2021 kampuni hiyo iliiacha ikaweka chipu isiyoonekana kwa kamera. Kwa mikoba hiyo mipya, mkaguzi wa picha hubaki na mishono, chuma na chapa ya jina iliyogongwa kwenye ngozi.