Kadi ya Mihuri kwa Duka la Vipodozi

Losheni, sabuni, dawa ya meno na mafuta ya nywele huisha, na mteja hulazimika kuzinunua tena. Ila halazimiki kurudi pale alipozinunua mwanzo. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, maduka mawili matatu yaliyo karibu huuza losheni ileile iliyotoka kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, na bei zake hazipishani sana. Kadi ya mihuri humpa mteja sababu ya kupita maduka mengine na kurudi kwenye duka moja: kila anapofikisha kiasi fulani cha manunuzi hugongewa muhuri, na kadi ikijaa hupewa zawadi.

Kabla kadi hazijachapishwa, lazima hesabu ya faida ifanyike. Tuseme duka lina faida ya wastani ya asilimia 20 ya mauzo, na muhuri mmoja hutolewa kwa kila shilingi 5,000. Mihuri kumi ni mauzo ya shilingi 50,000, na faida yake kabla ya kodi ya fremu na umeme ni shilingi 10,000. Mwenye duka akitoa zawadi ya sabuni aliyoinunua kwa shilingi 2,000, ametumia sehemu moja ya tano ya faida hiyo. Angetoa punguzo la asilimia 10 kwa kila bidhaa, angepoteza shilingi 5,000, yaani nusu ya faida. Tena punguzo mteja hulizoea haraka, na siku likiondolewa huona bei imepandishwa. Ndiyo maana zawadi ya bidhaa ni bora kwa duka dogo: mteja huithamini kwa bei ya rafuni, ilhali duka limeigharimia kwa bei ya jumla.

Hesabu hiyo inaonyesha pia mpaka wa mpango wenyewe. Kila muhuri ni faida ya shilingi 1,000, kwa hiyo zawadi ya shilingi 2,000 hulipwa na manunuzi mawili ambayo, bila kadi, yangekwenda duka jingine. Mteja ambaye tayari hununua kila kitu hapo haongezi chochote. Kwake zawadi ni shukrani, nayo ni gharama. Kadi hulipa zaidi kwa yule anayegawa manunuzi yake kwenye maduka kadhaa.

Mwanzo wa kadi una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye sehemu ya kuoshea magari huko Marekani. Nusu ya wateja walipewa kadi tupu ya nafasi 8; nusu nyingine walipewa kadi ya nafasi 10 ambayo mbili zilikuwa zimeshagongwa. Wote walibakiza safari nane, lakini waliojaza kadi tupu walikuwa asilimia 19, na waliojaza ile iliyoanzishwa walikuwa asilimia 34. Duka la vipodozi linaweza kufanya vivyo hivyo: kadi ya nafasi 12, mbili zikiwa zimegongwa siku ya kwanza. Gharama haibadiliki, kwa kuwa mteja bado atanunua mara kumi.

Muda nao uangaliwe. Mteja anayetumia shilingi 10,000 kwa mwezi atajaza kadi hiyo kwa miezi mitano, na wengine watachoka njiani. Zawadi ndogo katikati, kama kipakti cha shampuu, huwashika.

Mambo yanayoharibu mpango huu yanajulikana. Muhuri wa kawaida huchongwa popote, hivyo kila alama isainiwe na iandikwe tarehe. Anayekopa agongewe akishalipa deni, si siku anayochukua mzigo. Zawadi isiwe bidhaa iliyokaribia kuisha muda wake, maana mteja akiitumia ikamwasha ngozi, duka limempoteza na majirani zake pia.

Kando ya kadi, daftari la kaunta hufanya kazi kubwa. Kwa ridhaa ya mteja huandikwa jina, namba ya simu, bidhaa na tarehe. Kama chupa ya losheni humchukua mteja wiki tano, ujumbe mfupi wiki ya nne humkuta akiikaribia kuimaliza: “Dada, losheni yako ipo, nikuwekee?” Ujumbe wa kila siku humchosha, naye huzuia namba. Na kabla ya kuutuma, mzigo uwe umeshafika. Anayekuja akakosa losheni yake huinunua duka la pili.

Daftari hilohilo ndilo litakalosema kama kadi inafaa. Baada ya miezi mitatu, siku kati ya ununuzi mmoja na mwingine zilinganishwe na za kabla ya kadi. Zikiwa zimepungua, au kikapu kimeongezeka dawa ya meno na pedi ambazo awali zilinunuliwa kwingine, kadi inaleta mauzo mapya. Zikiwa vilevile, zawadi zinakwenda kwa watu ambao wangekuja tu, na ni heri fedha hizo ziongeze mzigo rafuni.