Boksi Lililogoma Kuingia Rafuni

Chukua boksi lenye upana, urefu na kimo cha inchi 10 kila upande. Karani anaandika 10 kwenye kompyuta, lakini mfumo unasoma kwa sentimita. Kwa mfumo, boksi hilo lina ujazo wa sentimita za ujazo 1,000. Ghalani lina zaidi ya 16,000. Mfumo utalipangia kipande cha rafu kisicholitosha, na mpakiaji ndiye atakayegundua, akiwa amelibeba mikononi.

Makosa ya namna hiyo yaliisumbua Target, kampuni ya maduka ya Marekani, ilipoingia Kanada mwaka 2013. Mfumo wake wa nyumbani haukuandaliwa kwa dola ya Kanada wala lugha ya Kifaransa, kwa hiyo ilinunua SAP, mfumo mmoja wa ERP unaounganisha manunuzi, maghala, maduka na hesabu. Programu yenyewe haikuwa mbovu. Makampuni mengi yanaitumia. Shida ilikuwa kilichomiminwa ndani yake.

Taarifa za bidhaa zipatazo 75,000 ziliingizwa kwa haraka, nyingi kwa mkono. Vipimo vilikuwa kwa inchi badala ya sentimita, au upana ulikaa mahali pa kimo. Zilipokaguliwa, kwa mujibu wa jarida la Canadian Business, zilizokuwa sahihi zilikuwa takriban asilimia 30. Marekani usahihi ulikuwa asilimia 98 au 99. Matokeo yake, maghala yalifurika huku rafu za dukani zikiwa tupu.

Kwa nini haraka yote hiyo? Target ilikuwa imechukua pango la maduka ya Zellers kwa dola za Kanada bilioni 1.8, na jengo lililofungwa linadai kodi kila mwezi. Yakapangwa maduka 124 kufunguliwa ndani ya mwaka mmoja. Hapo ndipo naona kosa kubwa kuliko la karani: mpaka wa mradi ulikuwa tarehe, si kazi. Inaelekea hakuna aliyeandika kwamba “tayari” maana yake ni usahihi wa kiasi gani, na mkubwa mwenye uwezo wa kusogeza tarehe hakuisogeza. Mdhamini wa mradi anayesaini hundi tu, ni mlipaji.

Ukimya huo ulishuka hadi chini. Baadhi ya wachambuzi walizima uagizaji wa kiotomatiki wa bidhaa iliyoadimika, ili ripoti isionyeshe upungufu. Ripoti ikapendeza, mteja akarudi mikono mitupu.

Januari 2015 Target ilitangaza kuondoka. Maduka 133 yalifungwa, na wafanyakazi wapatao 17,600 wakapoteza kazi.

Kama kazini kwenu mnahamia mfumo mpya, nenda ghalani na futikamba, upime bidhaa 50 ulizozichagua bila mpangilio, ulinganishe na kilicho kwenye skrini. Zikipishana 10, mwambie mwenye mradi leo, kabla hajatangaza siku ya kuuwasha.