Kupimana Alama Kwenye Kazi ya Kikundi

Mhadhiri akitoa alama moja kwa kikundi kizima, aliyekesha akiandika na aliyebebwa wanaondoka sawa. Ndiyo maana baadhi ya vyuo huwapa wanafunzi nafasi ya kupimana wenyewe. WebPA, mfumo uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, hufanya hivyo kwa hesabu nyepesi: uzito wa kila mpimaji ni uleule, kwa hiyo anayempa kila mtu alama za juu hajamsaidia yeyote.

Tuchukue kikundi cha watu wanne, kila mmoja akigawa pointi 30 kwa wenzake watatu. Aliyefanya sehemu yake atarajie 10 kutoka kwa kila mwenzake. Asha na Juma, marafiki wa chumba kimoja, wanapeana 14, na kuwapa Neema na Baraka 8 kila mmoja. Neema na Baraka wanampa Asha 11 na Juma 7, kisha wao kwa wao wanapeana 12.

Ukijumlisha, Asha ana 36 na wengine wote 28. Kazi yao ilipata 60, hivyo Asha anapata 72, na watatu waliobaki 56 kila mmoja. Jumla inaonyesha kwamba Juma, Neema na Baraka wamelingana. Lakini tazama alama moja moja. Asha amepewa zaidi ya 10 na kila mtu, hata wasio rafiki zake, kwa hiyo mchango wake hauna ubishi. Juma ana 14 kwa rafiki yake, na 7 kwa kila mmoja wa wengine. Hapo ndipo pa kuuliza.

Kuuliza, si kuhukumu. Neema na Baraka nao wamependeleana, au pengine waliandika sura moja pamoja na kila mmoja akaiona kazi ya mwenzake kwa karibu. Tarakimu pekee haziwezi kutofautisha. Kinachoamua ni rasimu: nani aliandika nini, lini, na nani alikusanya data.

Kinyongo kina alama yake nyingine. Mtu aliyekasirika hushusha kila kipengele kwa mkupuo: ubora wa kazi, mahudhurio, hata kuwahi, ilhali orodha ya vikao inaonyesha mwenzake hakukosa hata kimoja. Mzembe wa kweli huwa na kipengele fulani kilichoporomoka, na zaidi ya mtu mmoja amekiona.

Dawa ninayoiamini ni kudai tendo nyuma ya kila alama. “Hana ushirikiano” haitoshi. “Alileta jedwali siku mbili baada ya tarehe tuliyokubaliana” inaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Mwanafunzi, andika hayo wiki kwa wiki, kabla ugomvi wa siku ya mwisho haujakufuta kumbukumbu. Nawe mhadhiri, usijaze alama kwenye mfumo kabla hujasoma sababu zake.