Kwa nini chaneli hujisokota hata mzigo ukikaa juu ya mgongo wake

Chukua chaneli ya chuma, ile yenye umbo la U ambayo mafundi hutumia kwenye ngazi, mageti na minara ya matangi ya maji. Isimamishe mgongo wake uwe wima, mabawa yake mawili yakielekea kulia, moja juu na moja chini. Ncha moja ichomelewe kwenye nguzo imara, na ncha ya pili ibaki hewani. Sasa tundika mzigo kwenye ncha hiyo, sawasawa na mstari wa mgongo. Boriti itapinda kwenda chini, jambo ambalo kila mtu alilitarajia. Lakini pia itageuka: ncha za mabawa zitainama chini kuliko mgongo, na mgongo wenyewe hautabaki wima.

Fundi akiona hivyo, kwanza hushuku weldi, kisha hushuku kwamba chuma kililetwa kimepinda. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Mzigo umewekwa mahali ambapo chaneli haiwezi kuubeba bila kujisokota, na mahali hapo, kwa bahati mbaya, ndipo panapoonekana kufaa kuliko pote.

Ili kuona sababu, tutazame bawa la juu. Mzigo unapoivuta ncha chini, bawa hilo linavutika kwa urefu wake. Mvuto huo ni sifuri kwenye ncha yenye mzigo, na unazidi kadiri unavyosogea kuelekea kwenye nguzo. Sasa tenga kwa fikra kipande kifupi cha ukingo wa nje wa bawa, ule ulio mbali na mgongo. Upande wake wa kuelekea nguzo unavutwa kwa nguvu kubwa kuliko upande wake wa kuelekea mzigo. Kipande hicho kingeteleza kuelekea kwenye nguzo kama hakuna kinachokizuia. Kinachokizuia ni sehemu ya bawa inayobaki, ambayo imekishika kwa kani ya mkato kwenye mstari wa mahali tulipokitenga.

Kani ya mkato haiji peke yake katika uelekeo mmoja. Ikiwepo kwa urefu wa boriti, lazima iwepo pia ikivuka bawa kwa upana, la sivyo kila chembe ya chuma ingezunguka. Kwa hiyo ndani ya bawa la juu kuna nguvu inayokwenda kando, si juu wala chini. Kwenye ukingo wa nje ni sifuri, kwa sababu hapo hakuna kipande kingine cha kushika. Inaongezeka taratibu hadi kufikia kilele chake pale bawa linapoungana na mgongo. Bawa la chini lina nguvu kama hiyo, ila yenyewe inaelekea upande wa pili, kwa kuwa chuma cha chini hubanwa badala ya kuvutwa.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Nguzo inaibeba boriti kwa kuisukuma juu kupitia mgongo. Wakati huohuo inalisukuma bawa la juu kwenda kulia na bawa la chini kwenda kushoto. Nguvu hizi mbili za kando ziko sawa, kwa hiyo haziisogezi boriti popote, lakini zinaigeuza. Mzigo uliokaa juu ya mgongo umepingwa vizuri na nguvu ya mgongo, ila hauna chochote cha kuzuia mgeuko wa mabawa.

Tufanye hesabu kwa chaneli moja. Mgongo una kimo cha milimita 100, kila bawa lina upana wa milimita 50, vipimo vyote vikichukuliwa katikati ya unene, na unene wenyewe ni milimita 5 kila mahali. Mzigo ni nyutoni 2,000, yaani kama kilo 200, na urefu wa boriti ni mita 1.5. Kanuni za mpindo zinatoa nguvu ya kando ya nyutoni 375 katika kila bawa. Mabawa yako mbali kwa mita 0.1, kwa hiyo yanageuza kwa nyutoni-mita 37.5. Ili mzigo wa nyutoni 2,000 uupinge mgeuko huo, ni lazima usogezwe milimita 18.75 kutoka kwenye mgongo. Usogezwe upande gani? Si upande wa mabawa. Usogezwe kushoto, nyuma ya mgongo, mahali ambapo hakuna chuma kabisa.

Nukta hiyo iliyo hewani ndiyo kitovu cha mkato. Kwa chaneli nyembamba yenye unene mmoja, umbali wake kutoka katikati ya unene wa mgongo ni huu:

e = 3b²/(h + 6b)

Hapa b ni upana wa bawa na h ni kimo cha mgongo. Unene haumo. Kuongeza unene hakukisogezi kitovu, wala kuongeza mzigo au urefu, ilimradi chuma hakijapita kikomo cha kunyumbuka. Chaneli zinazotoka kiwandani mara nyingi zina mabawa yenye mteremko kwa ndani, na kwa hizo ni afadhali kutumia namba iliyo kwenye jedwali la mtengenezaji.

Jambo hili liliwasumbua hata wataalamu. Mnamo 1909 Carl von Bach, profesa wa Stuttgart, alipima boriti za chaneli na kuona kwamba matokeo hayaendani na nadharia ya kawaida ya mpindo. Aliyeeleza sababu miaka ya 1920 ilipoanza alikuwa Robert Maillart, mhandisi Mswisi anayejulikana zaidi kwa madaraja yake ya zege.

Turudi kwenye boriti yetu. Mzigo ukiwa juu ya mgongo, ncha itashuka karibu milimita 7, na itageuka kiasi cha digrii 3 na nusu. Digrii hizo ni nyingi. Ukilaza pima maji kwa upana wa bawa utaona ukingo wa nje umeshuka zaidi ya milimita 3 kuliko mgongo. Ukiuhamisha mzigo hadi katikati ya upana wa bawa, ambapo watu wengi hulaza mbao za sakafu, mkono wa mgeuko unakua hadi milimita 43.75, na msokoto unazidi maradufu.

Chaneli inageuka kirahisi namna hii kwa sababu umbo lake liko wazi. Bomba la mstatili lenye vipimo na unene huohuo linapinga msokoto mara 200 zaidi. Ndiyo maana mafundi wanaochomelea chaneli mbili zikitazamana, mabawa kwa mabawa, wanapata boriti tulivu sana. Ukizipanga mgongo kwa mgongo na kuzifunga kwa boliti, kila moja inataka kugeuka kinyume na mwenzake, na mgeuko unafutika. Na kama nafasi inaruhusu chaneli moja tu, chomelea sikio la bamba nyuma ya mgongo na utundike mzigo hapo.

Unaweza kukihakikisha kitovu hiki kwa karatasi ya bati. Kunja kipande chembamba kiwe umbo la U, kibane ncha moja kwenye jiliwa, na kwenye ncha ya pili ufunge kijiti kinachotokeza pande zote mbili za mgongo. Tundika kopo la mchanga kwenye kijiti na ulisogeze kidogo kidogo kutoka upande wa mabawa kwenda nyuma. Mwanzoni ncha itaegemea upande wa mabawa, kisha mwegemeo utapungua. Ukilisogeza zaidi itaegemea upande wa pili, na kati ya hali hizo mbili kuna sehemu moja ambapo bati linashuka tu bila kugeuka. Pima umbali wa sehemu hiyo kutoka kwenye mgongo, uulinganishe na kanuni.